Mjomba yuko ndani, baba yuko nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu michoro ya ukoo, kwa mifano ya Mtwara na Lindi

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wanaosoma sura ya undugu na nasaba katika anthropolojia. Wengi wao wamezaliwa huku Kusini, na karibu wote hukwama mahali pamoja: kitabu kinasema jambo moja, nyumbani wanaitana kwa namna nyingine, na mchoro unaonekana kukataa vyote viwili. Nimeyajibu kwa kufuata mifumo ya kuukeni, yaani inayohesabu ukoo kwa mama, kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao tangu zamani, na ndiyo inayowasumbua wasomaji zaidi.

Hizi pembetatu na duara zinasomwaje?

Pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke. Alama ya sawasawa ni ndoa. Mstari unaoshuka unatoka kwa wazazi kwenda kwa mtoto, na mstari wa kulala unaunganisha ndugu wa tumbo moja. Aliyefariki hukatwa kwa mkwaju. Katika michoro ya hapa nimeongeza kitu kimoja: alama iliyojazwa wino ni mtu aliyemo ndani ya ukoo tunaoufuatilia, na alama tupu ni mtu aliye nje ya ukoo huo.

```
△ ○   mwanamume, mwanamke (nje ya ukoo)
▲ ●   mwanamume, mwanamke (ndani ya ukoo)
 =    ndoa
 |    mzazi na mtoto
```

Kujaza wino ndiyo kazi yenyewe. Mchoro usiojazwa unakuonyesha nani kamzaa nani tu, na hilo ni lilelile Newala, Moshi na Ulaya. Ukishajaza ndipo unaona watu wa mahali fulani wanavyogawana.

Kwa nini kila mchoro una mtu anayeitwa "Mimi"?

Kwa sababu jina la undugu halikai kwa mtu peke yake. Mwanamume mmoja ni mjomba kwa huyu, baba kwa yule, shemeji kwa mwingine. Bila kusema tunatazama kutoka wapi, maneno hayo hayana pa kushika. Chagua mtu mmoja, mwandike "Mimi", kisha majina yote yaliyobaki yatoke kwake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ukoo wenyewe haubadiliki unapomhamisha "Mimi". Majina yanabadilika, lakini aliyejazwa wino anabaki na wino wake. Ukiona kwamba kumhamisha "Mimi" kumekulazimisha kufuta wino, ujue umechanganya majina na ukoo.

Mtoto wa baba mdogo ni ndugu yangu, mtoto wa mjomba ni binamu. Kwa nini, ikiwa wote ni watoto wa ndugu za wazazi wangu?

Angalia jinsi tunavyowaita wakubwa kwanza. Ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, yaani naye ni baba. Ndugu wa kike wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, naye ni mama. Lakini ndugu wa kike wa baba hageuki baba, anakuwa shangazi. Na ndugu wa kiume wa mama hageuki mama, anakuwa mjomba. Watoto wanafuata: mtoto wa "baba" mwingine au wa "mama" mwingine ni kaka au dada, na mtoto wa shangazi au mjomba ni binamu.

```
        upande wa baba          upande wa mama
      ┌────────┬──────┐       ┌──────┬────────┐
      ○        △      △   =   ○      ○        △
  shangazi   baba    baba    mama   mama    mjomba
      |      mdogo       |          mdogo     |
      |        |         |            |       |
   binamu    ndugu      MIMI        ndugu   binamu
```

Kanuni iliyofichika hapo ni ya jinsia. Ndugu wawili wa jinsia moja wanahesabiwa pamoja, wa jinsia tofauti wanatenganishwa. Mmarekani Lewis Henry Morgan ndiye aliyeupanga mtindo huu kwa mara ya kwanza kitaalamu, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1871, na kwa kuwa mfano wake wa awali ulitoka kwa Wairokwoi wa Amerika Kaskazini, vitabu vinauita mtindo wa Kiirokwoi. Jina hilo lisikutishe. Mpangilio huo umeutumia tangu ulipoanza kusema.

Kosa ninaloliona kila muhula ni mwanafunzi kuandika kwamba "Waswahili hawatofautishi baba na baba mdogo". Wanatofautisha vizuri sana. Kila mtoto anajua nani alimzaa. Kinachowekwa pamoja ni adabu na wajibu.

Ukoo wa kuukeni ni nini hasa, na unajazwaje?

Ni ukoo ambao uanachama wake unapita kwa wanawake peke yao. Mtoto wa kike na wa kiume wote wanazaliwa ndani ya ukoo wa mama yao. Lakini mtoto wa kike ndiye atakayeuendeleza. Wa kiume anaishi nao hadi kufa, na watoto wake wanakuwa wa ukoo wa mke wake.

Anza na bibi mzaa mama, mjaze wino. Wajaze watoto wake wote. Sasa kila ukifika kwa mwanamke uliyemjaza, shuka na ujaze watoto wake. Ukifika kwa mwanamume uliyemjaza, simama. Usishuke.

```
              ● bibi = △ babu
                     |
        ┌────────────┴────────────┐
  ○ = ▲ mjomba              ● mama = △ baba
    |                              |
  ┌─┴─┐              ┌─────────────┴──────┐
  △   ○            ▲ MIMI = ○           ● dada = △
 binamu                   |                    |
                        ┌─┴─┐                ┌─┴─┐
                        △   ○                ▲   ●
                       wanangu               wapwa
```

Utazame mchoro huu taratibu. Baba yangu ni tupu. Wanangu ni tupu. Mjomba amejazwa, na wapwa zangu, watoto wa dada, wamejazwa. Mwanamume mwenye wasiwasi wa nani atashika nafasi yake ukooni hawezi kumtazama mwanawe, kwa kuwa mwanawe ni mtu wa ukoo mwingine. Anamtazama mtoto wa dada yake. Mjomba na mpwa ni mnyororo mmoja, na mstari wake unapita kwa mwanamke aliye katikati yao, anayekuwa dada wa mmoja na mama wa mwingine.

Ndiyo maana katika kusini yote mjomba amekuwa na neno zito katika posa, katika kesi ya mtoto, na mara nyingi katika kauli ya kumpeleka kijana jandoni. Hakuwa mgeni mwema anayesaidia. Alikuwa mkubwa wa ukoo wa huyo kijana.

Je, mtoto wa mama mdogo na mtoto wa baba mdogo wako ukoo mmoja nami? Wote nawaita ndugu.

Si wote wawili, na hili ndilo swali bora kuliko yote niliyopokea, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Rudi kwenye mchoro wa ndugu na binamu, chukua wale wanne na ujaze kwa kanuni ya kuukeni. Mtoto wa mama mdogo: mama yake na mama yangu walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo amejazwa, ni wa ukoo wangu moja kwa moja. Mtoto wa mjomba: ni wa ukoo wa mama yake, yaani mke wa mjomba, kwa hiyo ni tupu. Mtoto wa shangazi: ni wa ukoo wa shangazi, ambao ni ukoo wa baba yangu, si wangu, tupu. Mtoto wa baba mdogo: ni wa ukoo wa mama yake, mwanamke aliyeolewa na baba mdogo, ambaye anaweza kutoka popote, tupu kabisa.

Kwa hiyo katika ndugu wawili ninaowaita kaka, mmoja ni mwenzangu wa ukoo na mwingine si wa ukoo wangu wala wa baba yangu. Kinachoniunganisha na mtoto wa baba mdogo ni kwamba mimi na yeye tumezaliwa na wanaume wa ukoo mmoja. Ni undugu wa kweli, una heshima zake, lakini hauna kura katika kikao cha ukoo.

Hapa ndipo unapoona kwa nini ndoa ya binamu iliwezekana, na kwa Wayao ilipendelewa. Binamu wa pande zote mbili, wa mjomba na wa shangazi, wako nje ya ukoo wangu. Kuoana na mtoto wa mama mdogo kungekuwa kuoana ndani ya ukoo, jambo lililokatazwa. Ukitaka kuhakikisha kama ndoa fulani ilikuwa halali kwa mila, usiangalie umbali wa damu. Angalia kama alama mbili zimejazwa wino mmoja.

Kama ukoo ni wa mama, je, wanawake ndio watawala?

Si lazima. Ukoo kupita kwa wanawake ni jambo moja, na nani anasema kikaoni ni jambo jingine. Kwa Wayao, akina dada pamoja na watoto wao walikuwa kundi liitwalo mbumba, na msimamizi wake kwa kawaida alikuwa kaka mkubwa. Wanawake walikuwa na uzito ambao si rahisi kuupata katika koo za kuumeni, kwa sababu bila wao hakuna ukoo, na mara nyingi waliishi kwao, katikati ya ndugu zao, huku mume ndiye mgeni. Hata hivyo kiti cha mkubwa kilikaliwa na mwanamume mara nyingi zaidi.

Mwaka 1950 mwanaanthropolojia Mwingereza Audrey Richards, aliyefanya kazi kwa Wabemba wa Zambia, alieleza fumbo la mpango huu. Mwanamume ana mamlaka juu ya watoto wa dada yake, lakini dada huyo ameolewa na mwanamume mwingine. Akikaa na mke wake, yuko mbali na wapwa zake. Akikaa na dada zake, mke wake yuko wapi? Kila jamii ya kuukeni ina namna yake ya kulitatua fumbo hilo. Kwa Wayao na kwa wengi wa Wamakonde, kijana alihamia kwanza kwa wakweze, na akilima huko. Aliyekuwa mkubwa wa ukoo ndiye aliyeweza kumleta mke kwake.

Kwa hiyo baba hana maana?

Ana maana kubwa, na anayeandika kwamba hana ndiye asiyeutazama mchoro. Mstari unaoshuka kutoka kwa baba upo pale pale. Kuna vitu viwili tofauti: kuzaliwa na mtu, na kuwa wa kundi lake. Kila mtu ana wazazi wawili na analelewa na kupendwa pande zote mbili. Ukoo unachagua mmoja tu wa kukuhesabia kundi. Hata huko Uchagani ambako ukoo unafuata baba, mama hafutiki. Ni kwamba wino unapita kwingine.

Tupe mfano mmoja kamili. Mzee amefariki na ameacha mikorosho.

Huu ni mfano wa kutungwa, lakini mazingira yake yanajulikana na kila mtu wa Tandahimba au Masasi. Kuepusha majina nitatumia herufi. Ukoo wa mume nimeujaza wino, ukoo wa mke nimeuacha tupu.

```
       ukoo wa mume                 ukoo wa mke
     ┌──────────────┐            ┌──────────────┐
   ● D = △        ▲ A     =    ○ B            △ C
       |       (marehemu)  |
     ┌─┴─┐               ┌─┴─┐
     ▲ E ● F             ○ G △ H
```

A alimwoa B akahamia kwao. C, kaka wa B, alimpa sehemu ya kulima. Kwa miaka ya mwanzo A alipanda muhogo na mtama, na hapakuwa na tatizo lolote, kwa kuwa mazao hayo huvunwa na ardhi ikarudi kuwa tupu. Angekufa wakati huo, watu wa ukoo wake wangechukua vitu vyake vya mkononi, E angerithi nafasi yake, na shamba lingebaki kwa akina B na C bila maneno.

Lakini A alipanda mikorosho. Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka michache tu, kisha unaendelea kuzaa kwa makumi ya miaka. Sasa jasho la A limesimama juu ya ardhi isiyo yake, na litasimama baada yake.

A amefariki. E, mpwa, anakuja na hoja: mali ya mjomba ni ya ukoo, na ukoo ni sisi. Kwa mchoro hoja yake ni safi. G na H, watoto, wana hoja mbili zilizofungwa pamoja: ardhi ni ya ukoo wa mama yetu, ambao ndio wetu, na mikorosho tumeipalilia na baba yetu. Kwa mchoro nao wako sawa kuhusu ardhi, ila kuhusu mikorosho wanasimama juu ya kazi, si juu ya ukoo. E akishinda, mtu wa nje atakuwa akiingia kila msimu kuokota korosho katikati ya ardhi ya akina C. Ni rahisi kuona C atamuunga mkono nani.

Sasa badilisha jambo moja tu. Tuseme A hakuhamia kwa mkewe, bali alipanda mikorosho kwenye ardhi ya ukoo wake mwenyewe. Hakuna alama hata moja iliyobadilika katika mchoro. Lakini hali imegeuka: ardhi ni ya D, E na F, na sasa G na H ndio wageni wanaotaka kuvuna mikorosho ya baba yao kwenye ardhi ya watu wengine. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba ukimaliza kuchora ukoo, uandike pembeni kila nyumba ilikaa wapi. Bila hilo huwezi kuueleza mgogoro hata ukiwa umejaza wino bila kosa.

Akina baba wengi walilimaliza jambo hili wakiwa hai, kwa kuwagawia watoto mikorosho waziwazi mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, wapwa wakiwepo. Kwa njia hiyo zao la kudumu lilivuta urithi kutoka kwa mpwa kwenda kwa mtoto, bila mtu kutangaza kwamba ukoo umebadilika. Kisha katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kwenda kwenye vijiji vipya, na wengi wakaacha mikorosho yao mbali. Kwa hiyo unapochora familia iliyopita kipindi hicho, uliza walikaa wapi kabla na baada ya kuhama.

Familia yetu ni Waislamu na ninatumia jina la baba. Je, bado niko katika ukoo wa mama?

Inawezekana ukawa katika yote mawili kwa mambo tofauti. Mirathi ya Kiislamu ina mafungu yake, na watoto, wa kiume na wa kike, wanarithi kwa baba. Shuleni na kwenye kitambulisho jina la pili ni la baba. Bado, ikifika msiba au posa, watu wanaweza kumsubiri mjomba. Usilazimishe familia yako iingie kwenye kisanduku kimoja. Chora michoro miwili kwa watu walewale: mmoja ujaze kwa kufuata nani anarithi mali, mwingine kwa kufuata nani anaitwa kikaoni. Mahali inapotofautiana ndipo penye habari.

Kwa wanaosoma sheria: lile Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandikwa kwa makabila yanayofuata baba. Usilichukue likueleze mila ya kuukeni.

Nataka kuchora ukoo wangu likizo hii. Nianze wapi, na nitajuaje nimekosea?

Anza na mwanamke mkubwa kuliko wote aliye hai upande wa mama. Usimuulize "watoto wako ni wangapi", maana atakuhesabia na wa dada zake, tena kwa haki. Uliza aliowazaa mwenyewe, mmoja mmoja, na uwaulizie pia waliofariki wadogo, kwa upole. Kila anapotajwa "mama" au "kaka", uliza tena: ni wa tumbo moja? Usimlazimishe mtu kutaja jina la mkwewe. Mahali pengi ni utovu wa adabu, na mtu mwingine atakutajia.

Ukimaliza, kagua hivi. Fuata mstari kutoka kwa kila aliyejazwa wino kupanda juu. Lazima ufike kwa bibi wa mwanzo ukipitia kwa wanawake tu. Ukikuta njia inapita kwa mwanamume, kuna mmoja umemjaza kwa mazoea, na mara nyingi ni mtoto wa mjomba uliyecheza naye utotoni. Kisha tazama ndoa zote: mume na mke wote wawili wakiwa na wino, ama umekosea tumbo la mmoja wao, ama umeipata ndoa ambayo wazee waliipigia kelele. Rudi ukamuulize bibi ni ipi kati ya hizo mbili.